Saa Tatu Usiku ya Dar, Machweo ya Brussels

Jumanne tarehe 20 Machi 1990, saa tatu kamili usiku, giza lilikuwa limeshaikumbatia Dar es Salaam kwa zaidi ya saa mbili. Dakika hiyohiyo mjini Brussels jua lilikuwa ndiyo kwanza limezama na wekundu ulikuwa bado umetanda magharibi. Chicago ilikuwa adhuhuri, jua limefika juu kabisa kwa siku ile. Dhaka ilikuwa usiku wa manane, Jumatano inaanza.

Tumchukue mtoto wa kubuni aliyezaliwa Dar dakika ile, tumwite Rehema. Leo ni mtu mzima, ana kazi anayoitafuta Ulaya na nyingine aliyoahidiwa Johannesburg, na rafiki yake amemwambia kwamba wapo wanajimu wanaoweza kumwonyesha kwenye ramani ya dunia ni wapi nyota yake itang'aa na ni wapi itafifia. Jambo hilo linaitwa astrokatografia, na linakwenda pamoja na chati ya kuhamia, yaani chati ya kuzaliwa inayochorwa upya kana kwamba mtu alizaliwa kwenye mji anaoutaka. Wateja wake wakubwa ni watu wa aina ya Rehema, waliohama au wanaotaka kuhama.

Mimi si muumini wa unajimu. Lakini hesabu iliyo chini ya ramani hizi ni ya kweli, ni hesabu ya dunia inavyojizungusha, na mtu akishaielewa anaweza kujua mwenyewe ni wapi hesabu inaishia na ni wapi maneno ya mnajimu yanaanza. Watu wengi wanaolipia ramani hizi hawajawahi kuonyeshwa mpaka huo.

Tuanze na kisichobadilika. Chati ya kuzaliwa ni picha ya anga ilivyoonekana kutoka mahali fulani, dakika fulani. Ndani yake mna sayari na mna buruji kumi na mbili, kuanzia Punda hadi Samaki. Saa tatu usiku ya Dar, Jua lilikuwa mwisho kabisa wa Samaki, kiasi kwamba liliingia Punda usiku uleule, kama dakika ishirini baada ya saa sita. Mshtarii alikuwa mwanzoni mwa Kaa. Zohali alikuwa ndani ya Mbuzi, amekwenda zaidi ya nusu. Mtoto aliyezaliwa Brussels dakika hiyo, au Chicago, au Dhaka, alikuwa na Jua palepale, Mshtarii palepale na Zohali palepale. Kwa hiyo Rehema akihamia Ubelgiji hageuki kuwa Punda. Hata akihamia Auckland, ambako kalenda ya ukutani ilikuwa tayari inasoma tarehe 21, habadiliki, kwa sababu dakika ni ileile hata kama tarehe imeandikwa tofauti.

Kinachobadilika ni pembe nne za chati. Ya kwanza ni upeo wa mashariki, mahali buruji linapochomoza. Wanajimu wa pwani waliosoma vitabu vya Kiarabu huliita tale, na wanalipa uzito kuliko hata Jua. Ya pili ni kilele, mahali ambapo kitu cha angani kinafika juu kabisa kabla ya kuanza kushuka. Ya tatu ni upeo wa magharibi, kinapozama. Ya nne iko chini ya miguu, upande wa pili wa kilele, na tuiite kina. Kwenye unajimu wa Magharibi tale ni wewe mwenyewe, mwili wako na namna watu wanavyokuona ukiingia mlangoni. Kilele ni kazi, cheo na jina. Magharibi ni mume au mke, mbia na hata mshindani. Kina ni nyumba, wazazi na asili. Zile nyumba kumi na mbili za chati hugawanywa kutokana na pembe hizi, kwa hiyo pembe zikisogea, nyumba zote zinasogea nazo.

Pembe husogea kwa sababu dunia ni duara na inazunguka. Inamaliza mzunguko wa nyuzi 360 kwa siku moja, yaani nyuzi 15 kwa saa, uzi mmoja kila dakika nne. Hiyo dakika nne tutairudia, maana ndiyo inayoamua kila kitu hapa.

Sasa tumpeleke Rehema Brussels. Usiku ule Dar, tale lilikuwa Nge, nyuzi 11 na ushei, na kilele kilikuwa Simba, karibu nyuzi 5. Tukichora chati ya dakika ileile kwa Brussels, tale linakuwa Mizani, uzi wa 1 na ushei, na kilele kinakuwa Kaa, nyuzi 2. Mshtarii, ambaye Dar alikuwa ameshakipita kilele na kuelekea magharibi, hapa amekaa juu ya kilele chenyewe. Na Jua, ambalo Dar lilikuwa limezama zamani, hapa liko mlangoni mwa magharibi.

Mnajimu akiona hivyo uso wake unafurahi. Mshtarii ndiye sayari ya neema, na kilele ni mahali pa kazi, kwa hiyo atasema Brussels ni mji ambao wakubwa wa kazi watampenda Rehema, milango itafunguka, jina litapanda. Mnajimu makini ataongeza kwamba Mshtarii hukuza kila kitu, hata ahadi, na mtu anaweza kujikuta amebeba kazi kuliko uwezo wake. Jua mlangoni mwa magharibi atalisoma kwamba maisha ya Rehema huko yataendeshwa na watu wengine, mwenza au mbia, na tale la Mizani litamkubalia, kwa kuwa Mizani nayo ni buruji la mahusiano. Rehema wa Dar, mwenye tale la Nge, alikuwa mtu wa siri na moyo mzito. Rehema wa Brussels ni mpole wa barazani. Hivyo ndivyo inavyosemwa kwamba kuhama hubadilisha msisitizo wa chati: sayari haziongezeki wala hazipungui, ila zile zilizokuwa kimya huletwa mbele na nyingine hurudishwa nyuma.

Wengi katika fani hiyo hawasemi kwamba chati ya zamani imefutwa. Kwao chati ya mahali pa kuzaliwa ni mzizi, na ya kuhamia ni tabaka la juu yake. Mtu ambaye chati yake ya kuzaliwa inamnyima mali hataambiwa kwamba Brussels itampa. Ataambiwa kwamba huko kidogo alichoandikiwa kitaonekana zaidi. Kauli hii ina faida yake kwa msemaji, maana mambo yakienda vizuri ni mstari, na yakienda vibaya ni mzizi.

Ramani yenyewe ni hatua moja mbele ya chati ya kuhamia. Badala ya kumchorea mteja chati ya mji mmoja mmoja, unauliza kinyume: ni wapi duniani, dakika ile, Mshtarii alikuwa kileleni? Jibu ni mstari mmoja ulionyooka kutoka kaskazini hadi kusini, kwa sababu kila mtu aliye kwenye longitudo moja huona kitu kikifika kilele kwa wakati mmoja. Kwa Rehema mstari huo uko karibu na longitudo 4 Mashariki. Unapita Brussels na Antwerp kwa karibu, unashuka Ufaransa, unavuka Mediterania na Algeria, unatokea Nigeria karibu na Lagos. Mstari wa kina uko upande wa pili wa dunia, nao umenyooka vilevile.

Mistari ya kuchomoza na kuzama haikunyooka, na hapo ndipo ramani inapopata yale mawimbi yanayowavutia watu. Sisi wa karibu na ikweta mchana wetu na usiku wetu ni karibu sawa mwaka mzima, lakini Ulaya mwezi wa Juni jua linakaa angani saa kumi na sita. Sayari nazo ni hivyohivyo. Mshtarii wa Rehema alikuwa kaskazini kabisa mwa njia yake, kama Jua la Juni, kwa hiyo watu wa kaskazini walimwona kwa muda mrefu zaidi kabla hajazama. Kwenye ikweta mstari wake wa kuzama unapita baharini magharibi ya Sumatra, kwenye longitudo 94, lakini kadiri unavyopanda kaskazini unajipinda kwenda mashariki mpaka unafika jirani na Beijing. Guangzhou, ambako wafanyabiashara wetu wengi huenda, imebaki pembeni kwa takribani kilomita 900. Mnajimu angemwambia Rehema akitafuta mbia wa Kichina amtafute Beijing.

Aliyeifanya ramani hii kuwa biashara ni Mmarekani Jim Lewis, wa San Francisco, katikati ya miaka ya 1970. Wazo la kuhusisha nchi na nyota ni la zamani sana. Batlamusi wa Aleksandria aligawa nchi kwa buruji karne ya 2. Wanajimu waliomtangulia Lewis nao walishacheza na chati za kuhamia. Yeye alichofanya ni kutumia kompyuta kuchora mistari yote ya mteja kwenye karatasi moja ya ramani ya dunia, kuiuza kwa posta pamoja na kijitabu cha maelezo, na kulisajili jina lake kama alama ya biashara. Alifariki mwaka 1995. Leo hesabu aliyoiuza inatolewa bure kwenye tovuti kama astro.com, na mtu anaibonyeza kwenye simu akiwa ndani ya daladala.

Turudi kwa Rehema, maana kazi ya uhakika aliyo nayo ni ya Johannesburg. Huko chati ya kuhamia inampa tale lilelile la Nge, limerudi nyuma nyuzi chache tu. Kwa tale, basi, ni kama hakuhama. Lakini Zohali, kwenye Mbuzi, amekaa juu ya kina. Mstari wake wa kina unapita longitudo 27 na nusu Mashariki, karibu na Johannesburg, na ukiufuata kwenda kaskazini unapita Lubumbashi. Zohali ndiye sayari ya mzigo, ucheleweshaji na upweke, na kina ni nyumba. Atasomewa kwamba Johannesburg atapata shida ya makazi, atakaa na baridi ya moyo, au mzigo wa wazazi utamfuata hadi huko. Msomaji mwenye huruma atageuza kibao na kusema Zohali ni mjenzi pia, na kwamba huko ndiko atakakojenga nyumba ya mawe, polepole. Usomaji wote miwili umo kwenye vitabu vyao, na wote miwili ni halali.

Hapo ramani inaonekana imeshaamua: Brussels ni heri, Johannesburg ni mtihani. Ila yote hayo yamesimama juu ya saa tatu kamili usiku, na hiyo saa tatu kamili imetoka wapi?

Kwetu cheti cha kuzaliwa huandika tarehe na mahali. Saa mara nyingi haimo. Kwa hiyo Rehema atafanya kile ambacho kila mtu hufanya, atampigia simu mama yake.

"Mama, shikamoo. Hivi mimi nilizaliwa saa ngapi?"

"Marahaba mwanangu. Usiku. Adhana ya isha ilikuwa imeshapita, na redio ya nesi ilikuwa imeshamaliza taarifa ya habari. Kama saa tatu hivi. Kwani una nini?"

Huu ni ushahidi mzuri kuliko watu wengi walio nao. Isha ya Dar mwezi wa Machi haifiki mbali na saa mbili kasorobo, na taarifa ya habari ilikuwa ya saa mbili. Tukubali basi kwamba alizaliwa kati ya saa mbili na nusu na saa tatu na nusu. Ni saa moja tu, lakini saa moja ni nyuzi 15. Kama ilikuwa saa mbili na nusu, mstari wa Mshtarii wa kileleni haupiti Brussels; unapita Munich. Kama ilikuwa saa tatu na nusu, unapita karibu na Cardiff na Edinburgh. Mstari wa Zohali ndiyo kabisa: unaweza kuwa Blantyre, jirani na longitudo ya Kisumu, au unaweza kuwa upande wa Tshikapa huko Kongo. Kati ya mwisho mmoja na mwingine ni zaidi ya kilomita 1,600. Johannesburg inaweza kuwa juu ya mstari au mbali nao kabisa, na aliyeamua ni redio ya nesi.

Kanuni yake ni rahisi kuishika: kila dakika nne za kosa husogeza mstari uzi mmoja, ambao kwenye ikweta ni kilomita 111 na kwenye latitudo ya Brussels ni kama kilomita 70. Mtu aliyechelewa kuzaliwa, mistari yake huenda magharibi. Aliyewahi, huenda mashariki. Ajabu yake ni kwamba kukosea siku nzima, saa ikabaki ileile, husogeza mstari wa sayari za mwendo wa pole kama Mshtarii na Zohali uzi mmoja tu. Hili linatuhusu kwa sababu wazee wengi huhesabu siku kuanzia magharibi. Bibi akisema Rehema alizaliwa usiku wa Jumatano anaweza kuwa na maana ya Jumanne usiku kwa hesabu ya ofisini. Kosa hilo linatisha kwa macho, lakini kwenye ramani ni sawa na dakika nne. Mwezi peke yake ndio utakaoruka mbali.

Kosa linaloharibu ramani nzima ni jingine, nalo ni la kwetu hasa. Programu inauliza saa ya kuzaliwa, mtu anaandika 3:00 kwa sababu mama alisema saa tatu, bila kukumbuka kwamba programu inataka 21:00. Amejiwahisha saa kumi na nane. Mshtarii wa Brussels anahamia kusini mwa Marekani, Tennessee na Alabama. Mashine haitalalamika. Itatoa ramani nzuri yenye rangi, na maelezo yake yatasomeka kama yaliyoandikwa kwa ajili yake.

La tatu huwakamata wanaochora chati ya kuhamia kwa mkono wao. Wanabadilisha mji kuwa Brussels na kuacha saa 21:00. Lakini Dar ikiwa 21:00, Brussels ya Machi 1990 ilikuwa 19:00. Aliyeandika 21:00 amechora chati ya mtoto mwingine kabisa, aliyezaliwa saa mbili baadaye, na Mshtarii wake ameshateremka nyuzi 30 kutoka kileleni. Namna ya kugundua ni kutazama sayari zenyewe: kwenye chati iliyohamishwa sawasawa, nyuzi za Jua na Mwezi lazima zilingane na za chati ya kwanza hadi dakika ya uzi. Mwezi husogea zaidi ya nusu uzi kwa saa, kwa hiyo ndio unaofichua haraka. Ukiona Mwezi umesogea, saa haikubadilishwa vizuri. Waliozaliwa zamani wana shida ya ziada, kwani saa ya Kenya iliwahi kuwa saa mbili na nusu tu mbele ya Grinichi badala ya tatu za sasa, na programu nyingine huliona hilo, nyingine haziulizi.

Unajimu wa pwani tuliozoea hauna shida hii. Mnajimu wa Unguja au Mombasa anayetumia hesabu ya abjadi huuliza jina lako na la mama yako, hugeuza herufi kuwa namba, hujumlisha, hugawa kwa kumi na mbili, na kinachobaki ndicho nyota yako. Hajali ulizaliwa saa ngapi wala unaishi wapi, na nyota hiyo utakwenda nayo Maskati au Toronto bila kubadilika. Wasomaji wengi walioijua fani hii kupitia marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki mwaka 2011, wana picha ya nyota inayomfuata mwenyewe. Astrokatografia ni kitu tofauti: imekulia kwenye nchi ambazo karani wa vizazi huandika saa. Ufaransa na Ubelgiji hufanya hivyo, na ndiyo maana Mfaransa Michel Gauquelin, kuanzia miaka ya 1950, aliweza kukusanya maelfu ya saa za kuzaliwa kutoka vitabu vya serikali na kudai kwamba mabingwa wa michezo walizaliwa mara nyingi zaidi kuliko kawaida Mirihi akiwa ametoka kuchomoza au kupita kilele. Dai hilo lilizua mabishano ya miongo mingi na halikukubalika kwa wanasayansi, lakini wanajimu wa ramani walilishika, kwa kuwa linasema kile wanachokisema wao: kwamba sayari iliyo kwenye pembe ina sauti kubwa kuliko nyingine.

Jaribio maarufu zaidi la unajimu kwa jumla lilichapishwa na Shawn Carlson kwenye jarida la Nature mwaka 1985. Wanajimu walipewa chati ya mtu na maelezo matatu ya tabia, moja ni la kwake kweli, wachague. Walipata karibu moja kwa tatu, yaani kiasi kile kile ambacho mtu angepata kwa kubahatisha. Halikuwa jaribio la ramani za kuhama, lakini ramani hizo zimejengwa juu ya usomaji uleule.

Kuna hesabu nyingine ambayo mtu anaweza kuifanya bila kuwa mwanasayansi. Ramani kamili hutumia sayari kumi, wakihesabu Jua na Mwezi humohumo, na kila moja ina mistari minne. Hiyo ni mistari arobaini, na kila mmoja hukata ikweta mara moja. Wanajimu hawasemi kwamba ni lazima ukae juu ya mstari wenyewe. Wapo wanaoishia kilomita 300 kila upande, wapo wanaofika 1,000. Tuchukue 500. Kila mstari basi una ukanda wa kilomita 1,000, na mistari arobaini ina kilomita 40,000. Mzingo wa dunia kwenye ikweta ni kilomita 40,075. Mistari haikujipanga kwa nafasi sawa, hujikusanya hapa na kuachana pale, lakini kwa wastani kila mahali pa ikweta pamefunikwa mara moja. Anayeuliza kama mji wake una mstari atajibiwa ndiyo mara nyingi mno, na kila sayari ina upande wa heri na upande wa mtihani.

Ndiyo maana ramani hizi zinaonekana kusema kweli zaidi zinaposomwa nyuma kuliko mbele. Mtu aliyekaa Johannesburg miaka minne, akapoteza nyumba na kuachwa na mchumba, akionyeshwa Zohali kwenye kina atashika kichwa. Aliyekaa hapohapo akanunua shamba ataonyeshwa Zohali yuleyule, mjenzi. Kati ya hao wawili hakuna aliyedanganywa kwa makusudi. Mnajimu amesikia habari kwanza, kisha akaona mstari.

Kama Rehema bado anataka kujua kabla hajalipa, asimsimulie mnajimu amewahi kuishi wapi. Amchapishie ramani mbili zisizo na jina, moja ya 21:00 na nyingine ya 03:00, na orodha ya miji mitatu aliyoishi kwa zaidi ya mwaka mmoja mmoja. Amwombe aandike kwa kila ramani, kwenye karatasi, ni mji upi kati ya hiyo ulimpandisha kazini, ni upi alikokuwa mpweke na ni upi alikopata mchumba. Karatasi ikishaandikwa na kukunjwa, ndipo aseme ni ramani ipi ya kwake. Mnajimu akipatia kwenye ramani ya kweli na kukosea kwenye ile ya saa kumi na nane za kosa, Rehema atakuwa na sababu ya kuendelea na mazungumzo. Zikimwingia zote mbili, fedha ya ramani ataiongeza kwenye nauli.